Mita Isiyokatika: Jinsi Bili ya Seva ya Gemu Inavyopanda

Tangu LUKU iingie majumbani, Mtanzania amezoea umeme unaojikata wenyewe. Uniti zikiisha taa zinazimika, friji linanyamaza, na mwenye nyumba anajua papo hapo kwamba hela imekwisha. Bando la simu lina tabia hiyohiyo. Ni kero, hasa likiisha katikati ya mpira, lakini lina faida moja: hakuna anayefika mwisho wa mwezi akakuta anadaiwa megabaiti asizojua zilikwenda wapi.

Kompyuta za kukodi mtandaoni, zile zinazoitwa za wingu, hazina huruma hiyo. Zimerudi kwenye mita ya zamani: mwezi mzima inazunguka, tarehe moja inasomwa, na bili inakuja ikiwa na jumla tayari. Anayefungua akaunti akaweka namba ya kadi ya benki hapewi bando la kuisha. Anapewa bomba lililo wazi, na kazi ya kutafuta koki ni yake.

Februari 2024 mmiliki wa tovuti ndogo alikutana na bomba hilo katika kampuni ya Netlify. Tovuti yake haikuwa na duka wala wateja. Ilikuwa na kurasa chache, na miongoni mwa mafaili yake lilikuwepo la wimbo, lenye megabaiti tatu na nusu hivi. Ndani ya siku nne faili hilo lilipakuliwa mara nyingi kiasi cha kutoa takriban terabaiti 190 za data. Kampuni ilikuwa ikitoza dola 55 kwa kila gigabaiti 100 za ziada, na bili ikafika dola 104,500. Mteja alipolalamika alipewa punguzo kwanza. Habari ziliposambaa, mkuu wa kampuni alijitokeza hadharani akasema deni lote linafutwa. Wengi hawana bahati ya habari zao kusambaa.

Tovuti hiyo haikuwa ya gemu, lakini kilichoiponza ndicho kinachowaponza vijana wanaokodi seva za kuchezea na wenzao: data inayotoka. Kampuni kubwa za wingu kwa kawaida hazitozi data inayoingia kwenye seva kutoka mtandaoni. Mtu akipandisha gigabaiti 500 za mafaili yake, bili haitikisiki. Mafaili hayohayo yakitoka kurudi mtandaoni, kila gigabaiti ina bei. Na gemu, kwa asili yake, ni kiumbe anayetoa kuliko anavyopokea. Mchezaji anatuma vitu vidogo sana: amepiga hatua, amegeuka kushoto, amechimba tofali. Seva inamjibu kwa dunia nzima iliyomzunguka, milima, mapango, ng'ombe na wachezaji wenzake, na inafanya hivyo kwa kila mtu aliyeingia.

Ili jambo lieleweke kwa tarakimu, tuichukue seva ya Minecraft, toleo la Java, iliyokodiwa AWS, tawi la kampuni ya Amazon. Wachezaji wako Dar es Salaam, na mwenye seva amechagua kituo cha Cape Town, kilichofunguliwa mwaka 2020, akitaka seva iwe ndani ya Afrika. Uamuzi huo una bei yake. AWS humpa kila mteja gigabaiti 100 za kutoka bure kwa mwezi, kwa akaunti nzima. Baada ya hapo, gigabaiti inayotoka Frankfurt au Virginia inatozwa senti 9 za dola katika daraja la kwanza la bei. Inayotoka Cape Town ni senti 15.4. Kabla hata gemu haijaanza, bomba la Cape Town ni ghali kwa zaidi ya theluthi mbili.

Sasa wachezaji. Tuseme ni 10, kila mmoja anacheza saa nne kwa siku, na seva inamtumia kila mmoja wastani wa kilobaiti 40 kwa sekunde. Hicho ni kiasi cha kufanyia hesabu tu, kwa kuwa anayekaa kwenye nyumba yake akipanga makasha anakula kidogo, na anayepaa angani akitafuta ardhi mpya anakula mno. Kwa wastani huo, saa moja ya mchezaji mmoja ni megabaiti 144, na mwezi mzima wa wachezaji wote ni kama gigabaiti 173. Ukiondoa zile 100 za bure zinabaki 73, ambazo kwa bei ya Cape Town ni dola 11 na ushei. Hilo si pigo. Wakichanga watu kumi, ni bei ya soda kwa kila mmoja.

Mbona basi bili inakuja na dola 62?

Jibu haliko kwenye gemu yenyewe, na hapo ndipo wengi wanapoteza wiki nzima wakipunguza wachezaji bila kuona nafuu. Seva ya vijana hawa ina pambo: kifurushi cha picha na sauti kinachobadilisha sura ya mawe, panga na nguo, chenye megabaiti 150. Kimewekwa kwenye mashine ileile, na kila mchezaji anapoingia anatumiwa. Minecraft ina njia ya kuepuka marudio: mwenye seva anaandika alama ya utambulisho wa faili, herufi na tarakimu 40, kwenye faili la mipangilio. Kompyuta ya mchezaji ikiona kwamba faili lililohifadhiwa kwake lina alama hiyohiyo, halipakui tena. Alama isipoandikwa, haina cha kulinganishia, na faili laweza kushushwa upya. Katika mfano wetu watu wanaingia mara 60 kwa siku, kwa kuwa intaneti inakatika, umeme unakatika, mama anaita. Mara 60 kwa megabaiti 150 ni gigabaiti 9 kwa siku, na 270 kwa mwezi. Pambo limelishinda gemu.

Kisha kuna nakala ya akiba. Kila usiku saa tisa seva inafunga dunia yote kwenye faili la gigabaiti 2 na kulituma kwenye hifadhi ya kampuni nyingine nje ya AWS. Ni tabia njema, na ni gigabaiti 60 kwa mwezi za kutoka. Jumla sasa ni 503. Ondoa 100 za bure, zidisha 403 kwa senti 15.4, unapata zile dola 62. Na bado hatujagusa kodi ya mashine yenyewe.

Mtu anajuaje haya kabla ya kubahatisha? Kwanza aisome bili kwa mstari. Kwenye ukurasa wa AWS uitwao Cost Explorer kuna sehemu ya kupanga gharama kwa `Usage Type`. Mstari wa kutafuta kwa seva ya Cape Town ni `AFS1-DataTransfer-Out-Bytes`. Herufi nne za mwanzo ni kituo, na zilizobaki zinajieleza: data iliyotoka kwenda mtandaoni. Mstari huu usichanganywe na ule wa anwani ya IPv4, ambayo tangu Februari 2024 AWS inaitoza nusu senti kwa saa hata kama hakuna mchezaji hata mmoja. Anwani ni dola tatu na nusu hivi kwa mwezi, haipandi wala haishuki. Kinachopanda ni data.

Bili inasema kiasi, haisemi mla ni nani. Hilo linaulizwa ndani ya seva. Kuna programu ndogo ya Linux iitwayo `vnstat` inayoandika kimyakimya kiasi kilichoingia na kutoka, na amri ya `vnstat -h` inaonyesha saa kwa saa. Umbo la siku linasema mengi. Gemu ya vijana wa shule ina mlima jioni na usingizi alfajiri. Nakala ya akiba ni mnara mmoja mwembamba saa tisa usiku. Ikiwa data inatoka sawasawa usiku na mchana, hata saa ambazo hakuna mtu, huyo si mchezaji. Hapo inafunguliwa programu nyingine, `iftop -P`, inayoonyesha mazungumzo yanayoendelea pamoja na namba za milango. Mlango wa 25565 ni gemu. Mlango wa 8123 ni Dynmap, nyongeza inayochora ramani ya dunia ya gemu kwenye tovuti, na kama imeachwa wazi kwa ulimwengu, roboti za mitandao ya kutafutia zinaweza kuipekua kipande kwa kipande, mchana kutwa, bila hamu yoyote ya kucheza.

Wenye gemu zinazotumia itifaki ya UDP wana adui mwingine, na huyu ni mjanja zaidi. Mshambuliaji anatuma swali dogo kwa seva ya gemu, akijifanya swali limetoka kwa mtu mwingine. Seva, kwa adabu zake, inamjibu yule mtu mwingine kwa jibu kubwa. Januari 2014 kitengo cha usalama wa kompyuta cha serikali ya Marekani, US-CERT, kilichapisha onyo lenye vipimo: itifaki ya Quake ilikuwa inaweza kukuza swali mara 63.9, na ile ya Steam mara 5.5. Mwathirika anamiminiwa data asiyoiomba, na mwenye seva analipia mimino hiyo kama data iliyotoka kwake. Minecraft ya Java inatumia TCP, ambayo hutaka pande mbili zitambuane kwanza, kwa hiyo mlango wake wa gemu hauna udhaifu huo. Wa seva za zamani za Quake wasilale.

Turudi kwa vijana wa Dar. Dawa ya kwanza ni mistari miwili kwenye `server.properties`:

```
view-distance=6
resource-pack-sha1=<alama ya herufi 40>
```

Mstari wa pili unaua marudio ya kifurushi. Alama yenyewe inapatikana kwa amri ya `sha1sum` ikifuatiwa na jina la faili, na kila kifurushi kinapobadilishwa lazima iandikwe upya, la sivyo wachezaji watakataliwa faili kwa kuwa halifanani na alama. Mstari wa kwanza unahusu umbali ambao mchezaji anaona. Seva hutuma ramani kwa vipande vya mraba, na thamani ya kawaida ya 10 ina maana ya vipande 10 kila upande, yaani takriban 21 kwa 21, jumla 441. Ikishushwa hadi 6, inakuwa 13 kwa 13, ambayo ni 169. Vipande vya kutuma mchezaji anapoingia vinapungua kwa zaidi ya nusu, ingawa data ya mwezi haipungui kwa kiwango hichohicho, maana sehemu kubwa yake ni mienendo ya watu na wanyama. Wachezaji watanung'unika kwamba milima imesogea. Wataizoea.

Nakala ya akiba haihitaji kuachwa. Inahitaji kubadilishwa njia. Data inayotoka kwenye seva kwenda hifadhi ya S3 iliyo katika kituo hichohicho cha Cape Town haitozwi usafiri, hulipiwa nafasi tu. Mara moja kwa mwezi mwenye seva anaweza kushusha nakala moja nyumbani, gigabaiti 2 badala ya 60. Kwa mabadiliko hayo, kifurushi kikishushwa mara moja tu na wanachama 40 wa kundi, ni gigabaiti 6 pamoja na zile 173 za gemu na 2 za nakala. Zinazolipiwa ni 81, na bili ya data inashuka kutoka dola 62 hadi kama 12 na nusu.

Hiyo ni bili ya mwezi wa amani. Swali gumu ni mwezi ambao kitu kinaharibika: mtu amegundua kiungo cha kifurushi na kukiwekea programu ya kukishusha bila kikomo, au nyongeza mpya imevunjika na kumwaga data ovyo. Seva ikimwaga megabiti 250 kwa sekunde, hizo ni gigabaiti 112 na nusu kwa saa, karibu dola 17 na senti 30 kila saa inayopita.

Wengi hudhani AWS Budgets ndiyo kinga. Mtu anaingia, anaweka bajeti ya dola 30 kwa mwezi, anaandika barua pepe yake, analala. Kilichowekwa hapo ni kengele. Bajeti ikivukwa barua inatumwa, na seva inaendelea kumwaga. Isitoshe kengele hiyo inachelewa, kwa kuwa takwimu zake za gharama husasishwa kila baada ya saa 8 hadi 12 hivi. Kwa kasi ya mfano wetu, saa nane za ukimya ni dola 139. Google Cloud nayo inasema waziwazi kwamba bajeti yake ni ya kutoa taarifa, haizuii matumizi. Budgets inafaa, na ina kipengele cha kusimamisha mashine kikomo kikifikiwa ambacho ni busara kukiwasha, lakini inafaa kwa uvujaji wa polepole. Tahadhari yake ya makadirio, ile inayosema mwezi huu utafikia kiasi fulani, inahitaji historia ya wiki tano hivi ndipo iweze kukadiria. Seva ya wiki mbili haina utabiri.

Kinga ya kweli ya mafuriko ni kulifinya bomba. Linux ina amri ya kuweka kasi ya juu kabisa ambayo mashine itatoa:

```
tc qdisc add dev ens5 root tbf rate 16mbit burst 64kb latency 400ms
```

`ens5` ni jina la kadi ya mtandao, na linaweza kuwa tofauti kwenye mashine nyingine, kwa hiyo liangaliwe kwanza kwa `ip link`. Megabiti 16 kwa sekunde ni megabaiti 2. Wachezaji kumi wa mfano wetu wanahitaji wastani wa megabiti 3.2, hivyo bado kuna nafasi ya kutosha watu wanapoingia kwa pamoja na ramani inapomiminika. Na sasa hasara ina dari. Hata mambo yakiharibika vibaya, haziwezi kutoka zaidi ya gigabaiti 7.2 kwa saa, dola moja na senti kumi na moja hivi, badala ya 17. Siku nzima ya balaa ni kama dola 27. Hii ndiyo koki iliyokosekana mwanzoni, na inashangaza ni wachache kiasi gani wanaoiweka.

Ina kasoro zake. Mashine ikizimwa na kuwashwa, amri imesahauliwa, na inabidi iwekwe kwenye huduma ya kuanza na mashine. Bomba likijaa, wachezaji halali watasubiri pamoja na mharibifu, na hata mwenye seva anayejaribu kuingia kwa SSH ataona herufi zikitokea kwa kwikwi. Pia kikomo kinahusu mashine hiyo tu. Kifurushi kikihamishiwa kwenye S3 na kusomwa moja kwa moja na umma, data hiyo inatoka nje ya bomba lililofinywa, na mita inazunguka upande wa pili bila koki.

Juu ya koki inawekwa kengele ya haraka, isiyosubiri hesabu za fedha. CloudWatch, kipimo cha AWS, huhesabu baiti zinazotoka kwenye kila mashine na kupokea vipimo kila dakika tano. Saa yenye wachezaji wote kumi ni gigabaiti 1.44, kwa hiyo gigabaiti 3 ndani ya saa moja ni dalili mbaya:

```
aws cloudwatch put-metric-alarm --region af-south-1 \
  --alarm-name data-nje --namespace AWS/EC2 \
  --metric-name NetworkOut --statistic Sum \
  --dimensions Name=InstanceId,Value=i-0123456789abcdef0 \
  --period 3600 --evaluation-periods 1 \
  --threshold 3000000000 \
  --comparison-operator GreaterThanThreshold \
  --alarm-actions arn:aws:sns:af-south-1:111122223333:tahadhari
```

Namba za mashine na za akaunti hapo ni za mfano. Kipimo cha `NetworkOut` hakitofautishi data ya kulipiwa na ya bure, hivyo nakala ya akiba inayokwenda S3 saa tisa usiku nayo itahesabiwa. Gigabaiti 2 haziifikii kengele, lakini dunia ikikua hadi gigabaiti 4, mwenye seva ataamshwa kila usiku bila sababu, na mtu anayeamshwa bila sababu huishia kuizima kengele. Kiwango kipandishwe dunia inapokua.

Kwenye kengele hiyohiyo inawezekana kuongeza tendo la kusimamisha mashine, `arn:aws:automate:af-south-1:ec2:stop`. Hapa wenye seva wanagawanyika. Seva inayozimika katikati ya pambano inawaudhi wachezaji, na kama Minecraft haijawekwa kama huduma inayohifadhi dunia kabla ya kuzima, dakika kadhaa za mwisho za ujenzi zinaweza kupotea. Kwa seva ya kujifurahisha inayolipwa kwa kadi ya mzazi, zimwe. Diski na anwani ya kudumu vitaendelea kutozwa mashine ikiwa imesimama, lakini hizo ni shilingi za kuhesabika.

Kuna pia njia ya kukwepa mita yenyewe. Baadhi ya kampuni huuza mashine pamoja na mgao wa data, mfano wa bando. DigitalOcean hutoza senti moja tu kwa gigabaiti ya ziada, na Hetzner, kwenye vituo vyake vya Ujerumani na Finland, imekuwa ikitoa terabaiti 20 kwa mwezi na kutoza takriban yuro moja kwa kila terabaiti inayozidi. Gigabaiti 503 za mfano wetu zingepita hapo bila senti ya ziada. Kinachotolewa sadaka ni umbali: data inakwenda na kurudi Ulaya kupitia nyaya za baharini, na kwenye gemu za mapigano kuchelewa huko kunahisika. Minecraft ya kujenga inavumilia. Kabla ya kuamua, wachezaji wapime kwa `ping` kutoka mtandao wanaoutumia kweli, maana njia ya data haifuati ramani ya shuleni.

Kengele ikishawekwa, ijaribiwe siku hiyohiyo. Anwani ya barua pepe iliyosajiliwa SNS haipokei chochote mpaka mwenyewe abonyeze kiungo cha uthibitisho alichotumiwa, na kiungo hicho mara nyingi kinalala kwenye folda ya taka. Shusha kiwango hadi baiti 1,000,000, wacha mtu mmoja acheze, subiri saa moja. Barua ikifika, rudisha kiwango kwenye 3,000,000,000. Isipofika, fungua folda ya taka kabla ya kumwita mtu mwingine yeyote kucheza.